Tazama Mlango Kwanza: Nyuki Watatu wa Nyumba Moja

Chukua nyumba moja ya kawaida ya pwani, tuseme huko Kwale: kuta za udongo na fito, paa la makuti, baraza linalotazama shamba la kunde, na mkarakara uliotambaa juu ya uzio. Saa mbili asubuhi, jua likishaupasha joto ukuta wa mashariki, wadudu wanaanza kazi. Kwenye ufa wa ukuta, karibu na fremu ya dirisha, vidudu vyeusi vinaingia na kutoka. Kwenye boriti ya baraza kuna tundu la duara, na chini yake sakafuni kuna unga wa mbao. Nyuma ya nyumba, kwenye mwembe, kundi la nyuki limehamia ndani ya shimo la shina wiki mbili zilizopita. Mama mwenye nyumba amechoka. Mtoto ameshaumwa mara moja, na kopo la dawa ya kuulia wadudu limekaa tayari juu ya meza.

Kwake yeye wote ni nyuki, na nyuki anauma. Hata hivyo, wakaazi hao watatu wanatofautiana kama kuku, bata na mbuni. Mmoja hana mwiba unaoweza kumdhuru mtu. Wa pili anao na atautumia bila kusita akitetea nyumba yake. Wa tatu anao, lakini ni nadra kuutoa mpaka ashikwe mkononi. Akipuliza dawa kila mahali, atawaua wale ambao hawakumkosea, na huenda akawachokoza wale ambao hakupaswa kuwakaribia.

Watu wengi huanza kuwatofautisha nyuki kwa kutazama mwili. Ni njia nzuri, ila mdudu anayeruka hatulii apimwe. Mlango wa nyumba yake umetulia. Unaweza kusimama kando yake, hatua tatu au nne, usiuzibe njia wanayopitia, ukautazama kwa dakika tano. Kwa nyuki hawa watatu, mlango ndio wenye habari nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze na ufa wa ukutani. Ukisogea, utaona kwamba nyuki hawaingii kwenye ufa moja kwa moja. Wamejenga mrija mdogo uliochomoza nje ya ukuta, mwembamba, wenye urefu kama wa pingili ya kidole, rangi yake kati ya maziwa na kahawia. Ukiugusa kwa ncha ya kijiti ukiwa bado mpya, unabonyea. Umejengwa kwa nta wanayoitoa nyuki wenyewe mwilini, wakaichanganya na utomvu walioukusanya kwenye miti. Kwenye mdomo wa mrija huo vichwa vidogo vimejipanga kwa mduara vikitazama nje. Hao ni walinzi. Mwenzao akirudi kutoka mauani, wanarudi nyuma kidogo kumpisha, kisha wanajipanga tena.

Hao ndio nyuki wadogo, kama wanavyoitwa na wafugaji wengi wa Tanzania, yaani nyuki wasiodunga. Wale wanaopenda nyufa za kuta, matundu ya fremu na hata matundu ya vitasa vya milango ni wa jamii ya Hipotrigona, na ni wadogo hasa: milimita mbili hadi nne, karibu sawa na punje ya ufuta. Mwili wao ni mweusi, unang'aa, na kwa macho ya kawaida unaonekana hauna nywele kabisa. Mtu anayepita haraka atadhani ni usubi au sisimizi wenye mbawa. Ni hao hao wanaokuja kulamba jasho usoni mtu anapolima, wakamsumbua machoni na puani. Wanakera, hilo ni kweli. Lakini mwiba wao umesinyaa hata haufanyi kazi tena, na wakichokozwa sana silaha yao ni kung'ata kwa taya na kujipenyeza kwenye nywele na masikio.

Si nyuki wadogo wote wanaoishi ukutani. Wa jamii ya Meliponula huwa wakubwa zaidi, wengine kama punje ya mchele, na hupenda mashimo ya miti. Yupo Plebeina, anayekaa ndani ya kichuguu. Mtu hupita akaona mrija tu umechomoza kutoka kwenye udongo. Na kwenye misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke yupo mmoja aliyevunja desturi, Dakitilurina, ambaye hujenga kiota chake nje kabisa, kikining'inia chini ya tawi kama bonge la gamba jeusi. Hata huyo, ukichunguza, utamkuta na kijimlango cha utomvu chenye walinzi. Mlango uliojengwa, wenye mdomo uliochomoza, ndio sahihi ya ukoo huu.

Hebu sasa twende kwenye mwembe, lakini kwa tahadhari.

Nyuki wa asali, yule ambaye wafugaji humwita nyuki mkubwa kwa kumlinganisha na nyuki mdogo, hajengi mrija. Yeye huchukua tundu lililopo: shimo la mti, upenyo chini ya bati, mzinga wa gogo uliotundikwa. Akiona mlango ni mpana mno, huupunguza kwa gundi ya nyuki, ile nta nyeusi ya utomvu inayonata kwenye vidole vya mrina asali, lakini gundi hiyo hubaki sambamba na ukuta na haichomozi nje. Baada ya miezi kadhaa kingo za tundu hung'aa na kuwa nyeusi kwa kukanyagwa na maelfu ya miguu. Kinachomtambulisha zaidi ni msongamano. Kundi la nyuki wadogo lina mamia au maelfu machache ya nyuki, na mlangoni kwao wanapita mmoja mmoja. Kundi la nyuki wa asali linaweza kuwa na makumi ya maelfu, na asubuhi yenye maua mengi mlango wao ni kama stendi ya mabasi: wanaotua wakiwa wazito, wanaoruka wakiwa wepesi, na wengine wamesimama wameinua makalio wakipepea mbawa kupoza nyumba.

Kibarua mmoja ana urefu wa sentimita moja au zaidi kidogo, kama punje ya mahindi. Kifua chake kimefunikwa na nywele za rangi ya kahawia, na tumbo lina mikanda ya njano iliyofifia na nyeusi. Kuna alama moja ambayo wengi hawaijui, na ambayo kamera ya simu nzuri inaweza kuionyesha: macho yake yana nywele. Katikati ya vioo vidogo vinavyounda jicho zimeota nywele fupi, kama majani kwenye nyufa za sakafu. Macho ya nyuki wadogo na ya nyuki seremala hayana nywele hizo.

Mwiba wake una vimeno kama vya chusa. Ukiingia kwenye ngozi ya mtu hautoki tena. Nyuki anauacha pamoja na kifuko cha sumu, naye anakufa. Kifuko hicho huendelea kusukuma sumu kwa muda, kwa hiyo aliyeumwa autoe mwiba mara moja, kwa ukucha au kwa chochote kilicho karibu, bila kupoteza muda kufikiria namna bora ya kuushika. Pamoja na sumu hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Hiyo ni kengele ya hatari kwa wenzake. Mtu akiumwa mara moja karibu na mzinga kisha akanusa harufu ya ndizi, asisimame kujikuna. Aondoke haraka, aingie ndani ya nyumba na kufunga mlango. Nyuki wa Afrika hufukuza mbali, na kundi zima linaweza kuitika.

Ndiyo maana yule mama afute kabisa wazo la kupuliza dawa kwenye shimo la mwembe. Kopo moja haliwezi kuua kundi hilo lote, na watakaobaki watatoka wakiwa na hasira. Hao ni wa kuitiwa mfugaji nyuki, aje jioni au usiku akiwa na bomba la moshi na mavazi yake, awahamishie mzingani pamoja na malkia wao.

Tundu la kwenye boriti lina hadithi nyingine kabisa. Litazame: ni duara safi, kama limetobolewa kwa keke ya seremala, upana wake kama kidole gumba au pungufu kidogo. Hakuna nta hapo, wala utomvu, wala walinzi waliopanga vichwa. Chini yake kuna unga mkavu wa mbao, na mara nyingine michirizi ya njano ukutani, ambayo ni kinyesi. Ukitega sikio kwenye boriti wakati wa mchana mtulivu utasikia mkwaruzo wa polepole, kama mtu anayepiga msasa ndani ya kabati.

Huyo ni nyuki seremala, na taya zake zimempa jina. Ana urefu wa sentimita mbili, wengine mbili na nusu, na akipita karibu na sikio mtu huinamisha kichwa bila kujua. Kifua chake kina nywele nzito kama mahameli, lakini mgongo wa tumbo lake ni mtupu, mweusi, unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Kwenye spishi moja iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, Zailokopa kafra, jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano au nyeupe, na dume amefunikwa mwili mzima na manyoya ya njano ya kijani. Watu wengi hawajui kwamba hao ni mume na mke. Hudhani ni wadudu wa aina mbili.

Ndani ya boriti hakuna kundi. Yupo jike mmoja, mara nyingine pamoja na binti zake waliokomaa. Baada ya kuingia sentimita chache, njia yake hukunja kona na kufuata mshipa wa mbao. Huko ndani hufinyanga tonge la chavua na mbochi, hutaga juu yake yai moja kubwa, kisha huziba chumba kwa ukuta wa unga wa mbao aliouloweka. Halafu anaanza chumba cha pili. Vyumba ni vichache, na watoto wake kwa msimu mmoja wanahesabika kwa vidole. Asali hana. Vijana wanaopasua magogo wakitafuta asali hukuta matonge ya njano na funza weupe, wakaondoka wameharibu nyumba ya mama mmoja aliyehangaika wiki nzima.

Anayemrukia mtu usoni barazani, akaning'inia hewani kama anayepima, kwa kawaida ni dume. Analinda eneo lake na kusubiri majike. Hana mwiba kabisa, maana kwa nyuki mwiba ni kiungo cha majike peke yao. Jike anao, nao ni laini, hauna vimeno, kwa hiyo akibanwa anaweza kuchoma zaidi ya mara moja. Lakini lazima abanwe. Mtoto wa nyumba hii aliumwa alipofumbata kwenye kiganja mdudu mweusi aliyekuwa akitambaa kwenye ua la kunde, na kiganjani hakikubaki mwiba. Hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba aliyemuuma hakutoka mwembeni.

Ukubwa nao unaweza kupotosha, na hapa hata watu wenye uzoefu hukosea. Kwenye Msitu wa Kakamega yupo Meliponula bokandei, nyuki asiyedunga aliyenenepa hadi karibu kumfikia nyuki wa asali. Dume wa nyuki wa asali naye ni mnene kuliko vibarua, mlio wake ni mzito, na mtu humdhania ni nyuki seremala mdogo. Umtambue kwa macho yake makubwa yanayokutana juu ya kichwa. Tena wapo ndugu wadogo wa nyuki seremala wenye urefu wa milimita chache tu, wanaotoboa vijiti vikavu vyenye moyo laini.

Mahali ambapo mlango hauonekani, yaani mauani, ni afadhali kutazama mguu wa nyuma. Nyuki wa asali na nyuki wadogo, wanaotofautiana sana kwa ukubwa, wana kitu kimoja kinachowaunganisha: mguu wa nyuma wa kibarua umepanuka na kuwa kikapu. Ni sehemu bapa, inayong'aa, iliyozungushiwa nywele ndefu pembeni tu. Chavua hulowekwa kwa mbochi na kugandamizwa hapo mpaka iwe kidonge. Kwa hiyo ukiona nyuki amebeba vidonge viwili vya mviringo, vimekaa safi kama mizigo ya punda, huyo anaishi kwenye kundi. Nyuki seremala hana kikapu. Miguu yake ya nyuma ina nywele nzito kama brashi, na chavua hukaa humo ikiwa kavu, imetawanyika, kama unga kwenye nguo ya msaga mahindi.

Ua la karakara, ambalo wengine huliita pasheni, ni mahali pazuri pa kuwaona wote watatu kwa pamoja. Ile ya njano inayolimwa pwani hufungua maua yake karibu na adhuhuri. Ua ni kubwa, pana kama kiganja cha mtoto, na mbochi umefichwa chini kabisa katikati. Vifuko vya chavua vimeinama juu ya duara hilo, na juu yake zaidi vipo viungo vya kike vinavyopokea chavua. Nyuki seremala akitua na kuzunguka kunywa, mgongo wake unakwaruza vifuko, kisha kwenye ua la pili mgongo huo huo unagusa viungo vya kike. Nyuki wa asali ni mfupi mno. Anapita chini akanywa bila kugusa kitu, au anapanda moja kwa moja kwenye vifuko na kukomba chavua yote kabla nyuki seremala hajafika. Nyuki mdogo hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake.

Karakara ya njano haiwezi kujizalisha kwa chavua ya mmea wake yenyewe. Inataka ya mmea mwingine. Mkulima akiona shamba limejaa nyuki wa asali na maua yanadondoka bila kufunga tunda, hana sababu ya kushangaa. Nyuki ni wengi, ila si wale wanaohitajika. Wapo wakulima wanaolazimika kupitisha chavua kwa mkono, ua baada ya ua, kila mchana. Huko Brazili watafiti na wakulima wamejaribu kuweka karibu na mashamba ya karakara magogo na masanduku ya kutagia nyuki seremala, wakamleta mdudu ambaye kwingine anafukuzwa darini.

Kunde nayo inamtambua kwa uzito wake. Ua la kunde limefungwa kwa petali mbili zilizoshikana kama ganda, na mdudu lazima azibonyeze ndipo zifunguke. Nyuki mdogo akitua ni kama vumbi limetua. Uwezo wa nyuki seremala kwenda mbali ulipimwa nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008: wanasayansi waliokuwa wakichunguza kunde walibandika kifaa kidogo cha redio mgongoni mwa nyuki seremala wakubwa na kuwafuatilia. Safari ndefu kuliko zote ilifika karibu kilomita sita kutoka kwenye kiota. Anayetoka kwenye boriti ya baraza asubuhi, basi, anaweza kuwa anahudumia mashamba ya vijiji kadhaa.

Turudi nyumbani. Nyuki wadogo wa ukutani waachwe. Kama ukuta utapigwa plasta, fundi anaweza kuacha kipande chembamba cha mwanzi mbele ya mrija, plasta ikazunguka mwanzi huo, na nyuki wakaendelea kupita humo. Wakipuliziwa dawa watakufa ndani, na chakula chao kitachacha ukutani na kuita siafu. Asali yao haiko kwenye masega. Imo ndani ya vyungu vidogo vya nta na utomvu, vilivyosongamana pembeni mwa majana, na hao wa ukutani huwa na kidogo mno kustahili kubomolewa nyumba. Wafugaji wanaotaka asali ya nyuki wadogo hufuga wale wakubwa zaidi kwenye masanduku, wakatoboa vyungu na kuinyonya kwa bomba la sindano.

Asali hiyo imewaletea wauzaji matatizo sokoni, na ni haki kuwatetea. Ni nyepesi, ina uchachu, na mnunuzi aliyezoea asali ya nyuki wakubwa akiimimina anasema imetiwa maji. Haikutiwa. Kipimo cha kimataifa cha asali ya nyuki wa kawaida kinataka maji yasizidi asilimia 20, lakini asali ya nyuki wadogo kwa maumbile yake mara nyingi huwa na maji asilimia 25 hadi 35. Ndiyo sababu huchacha upesi ikiachwa kwenye joto, na inafaa kuwekwa kwenye friji.

Boriti ndiyo inayohitaji kazi kidogo. Nyuki seremala hupenda mbao kavu, laini, isiyopakwa kitu, na kizazi kipya hupenda kurudia mashimo ya zamani, hivyo boriti moja ikiachwa miaka mingi inaweza kudhoofika kweli. Mwenye nyumba asubiri mpaka asione tena mdudu akiingia wala unga mpya ukianguka, ndipo azibe tundu kwa kipande cha mti na gundi ya mbao, kisha apake rangi au mafuta upande wote ulio wazi. Kabla ya hapo, aegeshe gogo kavu la mti laini kwenye uzio, chini ya kivuli cha mkarakara, mahali ambapo mvua haipigi. Jike anayetafuta pa kutoboa atalipitia.

Jua likizama, baraza linatulia. Mwembeni mvumo umeshuka, na mlangoni wamebaki walinzi wachache. Kwenye boriti, ndani kidogo ya tundu, tumbo jeusi linalong'aa limeziba njia: jike amelala akiwa ameupa mlango mgongo. Na kwenye ukuta wa mashariki, mfanyakazi mmoja wa ukubwa wa punje ya ufuta anazunguka kwenye mdomo wa mrija akivuta nta laini kutoka upande huu hadi upande ule, mpaka tundu linabaki dogo kama la sindano, kisha linafungwa.